Nyama ya kukaanga kavu: kwanza ilainike, kiisha ipate rangi

Katika kipindi chetu cha mapishi kuna swali moja linalorudi kila mara. Mtu ananunua kilo ya nyama ya ngombe, anaichemsha kidogo, anaitia mu mafuta, inapata rangi nzuri kabisa. Watoto wanaketi kula. Wanatafuna, wanatafuna tena, mwishowe wanaiweka pembeni ya sahani. Franka zimeenda, makala imeenda, na nyama haikulika. Mama mmoja alitupigia simu akasema: "Niliikaanga saa nzima ju ilainike, njo ikazidi kuwa ngumu."

Jibu liko ndani ya maneno yake mwenyewe. Kukaanga hakulainishi nyama. Kazi ya kulainisha inafanywa na maji ya moto na muda. Kukaanga kunaleta rangi, harufu na ule utamu wa nje, basi. Nyama ikifika kwenye kikaango ikiwa bado ngumu, itatoka ngumu, hata ukiiacha pale mpaka jioni.

Angalia kipande cha bega, cha shingo ao cha mguu. Utaona nyuzi za nyama, na katikati yake ngozi nyembamba nyeupe zinazozishika pamoja. Zile ngozi ndizo zinazofanya mtu achoke meno. Zikikaa mu maji ya moto kwa muda mrefu zinayeyuka na kuwa utelezi, ule unaoona supu ikipoa inaganda kama uji mzito. Hapo nyama inaachia. Lakini mu kikaango kikavu hakuna maji ya kuziyeyusha, na joto kali linabana nyuzi na kutoa maji yaliyobaki ndani. Ndiyo maana yule mama kadiri alivyokaanga, ndivyo nyama ilivyokaza.

Ili kuona namna inavyofanyika vizuri, nilikaa asubuhi moja karibu na mbabula ya mama mwenye malewa huko Kadutu, hapa Bukavu. Amepika nyama ya kukaanga kwa wateja miaka mingi, na hana saa ukutani. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia saa ya simu.

Alikuwa na kilo 2 za bega, zenye mafuta kidogo. Alizikata vipande vya mraba, kila upande karibu sentimita 4. Nilimuuliza kama si vikubwa sana. Akacheka: "Mutoto yangu, nyama inapungukaka. Ukikata kidogo-kidogo, mwisho utauzisha makombo." Na ni kweli: mwisho wa kazi tulipima, kilo 2 zilikuwa zimebaki karibu kilo moja na robo.

Alitia nyama mu sufuria, maji ya kuifunika tu, kitunguu kimoja, kipande cha tangawizi na kijiko kidogo kimoja cha chumvi. Chumvi kidogo hivyo ina sababu, tutaifikia. Maji yalipoanza kuchemka, alitoa povu la juu, akapunguza makala, akafunika. Hakutaka yachemke kwa nguvu. Maji yanayoruka-ruka yanagonga vipande, vinapasuka nje huku ndani havijaiva. Yeye alitaka viputo vichache vinavyopanda polepole.

Ilichukua saa 2 na dakika chache. Wanaotoka Uvira watasema huko kwao inaiva mbele ya hapo, na hawakosei sana. Bukavu iko juu, karibu metre 1 500, na hapa maji yanachemka yakifika digri 95 hivi, si 100. Maji yetu yanayochemka hayana moto sawa na ya huko chini, kwa hiyo nyama inachelewa kidogo. Ngombe mzee naye anaongeza muda. Kwa hiyo usihesabu saa peke yake, pima nyama yenyewe.

Namna ya kupima ni hii: toa kipande kikubwa, chomeka uma ao ncha ya kisu katikati. Kama inaingia bila kusukuma na inatoka bila kuinua kipande, imetosha. Kama kipande kinapanda na uma, rudisha, ongeza dakika 20, pima tena. Lakini isifike pale inapoachana yenyewe mu sufuria, kwa sababu bado kuna kukaanga mbele, na nyama iliyoachana itakuwa nyuzi-nyuzi. Hapo wengi wanakosea upande wa pili: wameogopa ugumu mpaka wamepika mboga.

Nyama ilipoiva, mama alichota sehemu kubwa ya supu, akaiweka pembeni. Alibakiza kama kikombe kimoja mu sufuria, akatoa kifuniko, akaongeza moto ili ile iliyobaki ikauke. Wengine wanatoa nyama yote na kuichuja kwenye kichungi kwa dakika 10 mpaka ikauke nje. Njia zote mbili zinafaa. Mimi napenda ile ya mama, kwa sababu utamu wa supu unabaki umeshika nyama. Ila ina mtego wake: maji yanaenda, chumvi haiendi. Ukiwa umetia chumvi ya kutosha tangu mwanzo, ao umeongeza kube, mwisho nyama itakuwa chumvi tupu. Ndiyo sababu ya kile kijiko kidogo.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mama alinifundisha kwa masikio. Aliniambia nisiangalie, nisikilize. Maji yakiwa bado yako, sufuria inatoa sauti nzito, ya kutokota. Yanapokaribia kwisha, sauti inakuwa ya haraka na nyembamba, na mvuke unapunguka. Kiisha ghafla unasikia mlio mkali, kama mvua ndogo juu ya bati. "Ile sauti njo inakuambiaka maji imeisha, sasa ni mafuta inasema."

Sababu yake si uchawi. Maji yakiwa bado mu sufuria, joto haliwezi kupita lile la maji yanayochemka. Rangi ya kahawa kwenye nyama inahitaji joto la juu zaidi, kama digri 140 kwenda mbele. Kwa hiyo nyama yenye maji itabaki ya kijivu, hata moto uwe mkubwa namna gani. Kwanza maji yaishe, kiisha rangi ije. Haiwezekani kugeuza.

Mlio uliposikika, alitoa vipande vyote kwenye sahani, akachukua kikaango kizito, akakiweka juu ya mbabula. Moto wenyewe alikuwa ameutengeneza. Hakukuwa na ndimi za moto, ni makala mekundu yenye majivu membamba juu. Alitandaza makala, akatoa mawili makubwa pembeni. Nami nilijaribu kupima kwa kiganja: nikiweka mkono pale kikaango kitakapokaa, niliweza kuvumilia nikihesabu polepole mpaka nne. Kama unavumilia mpaka nane, moto ni mdogo, nyama itakauka bila rangi. Kama unaondoa mkono kwenye mbili, itaungua nje mara moja.

Aliweka vijiko viwili vya mafuta tu, kwa sababu bega lilikuwa na mafuta yake. Nyama yenye mafuta mengi haihitaji hata kijiko, na nyama isiyo na mafuta kabisa inaomba vitatu. Hii ndiyo maana ya kukaanga kavu: nyama haiogelei.

Kiisha aliweka nusu ya vipande, si vyote. Kila kipande kilikuwa kimegusa chini, na nafasi ya kidole kati yake na mwenzake. Ukijaza kikaango, joto linashuka, nyama inatoa maji, na maji hayapati pa kutokea. Utasikia ile sauti nzito ya kutokota imerudi. Ukiisikia, toa nusu haraka.

Hapa nilikuwa nangoja aanze kukoroga. Hakugusa kitu. Alifunga mikono dakika 3 nzima, na mimi nilikuwa naona kama nyama inaungua. Nilipotaka kuchukua mwiko, alinipiga kidogo kwenye mkono. Kipande kilichoshika chini hakijawa tayari. Kikipata ganda lake la kahawa, kinajiachia chenyewe. Ukikivuta mbele ya muda, ganda linabaki kwenye kikaango na kipande kinatoka uchi. Na yule anayekoroga bila kupumzika anavunja pembe za vipande. Yale makombo yanaungua kwanza, na uchungu wake unaingia mu nyama yote.

Baada ya dakika 3 aligeuza kipande kimoja kimoja, akaacha dakika 2, akageuza tena. Vyote vilipopata rangi pande tatu ao nne, ndipo alianza kukoroga kweli, kwa dakika 2 za mwisho. Alitia vitunguu vilivyokatwa vipande vyembamba, pilipili, na chumvi kidogo baada ya kuonja. Kitunguu saumu kilikuja mwisho kabisa, dakika moja tu, kwa sababu kinaungua haraka. Tomati hakutia. Tomati ni maji, na maji yanalainisha lile ganda ulilolitafuta. Kwa jumla kila nusu ilichukua karibu dakika 10.

Nilipovunja kipande, nje kulikuwa na ganda jembamba, ndani nyuzi zinaachana na bado zina unyevu. Dakika 10 nyingine zingetosha kuikausha mpaka ndani. Rangi ikishapatikana, toa.

Kuna anayesoma haya na nyama yake tayari iko mu kikaango, nyekundu na ngumu. Usiendelee kukaanga. Rudisha kwenye sufuria na supu ao maji ya moto kikombe kimoja na nusu, funika, moto mdogo, nusu saa ao zaidi, huku ukiongeza maji yakipunguka. Pima kwa uma. Ikilainika, acha ikauke tena na uipe rangi dakika 5. Haitakuwa sawa na ya mama wa Kadutu, lakini itatafunika. Ile iliyoungua nyeusi, hiyo haina dawa. Toa vipande vyeusi upesi mbele havijaharibu vingine, na usafishe kikaango kabla ya kuendelea.

Wengine wanachemsha jioni ili wakaange kesho yake. Inafaa kama kuna firigo na umeme unashika: nyama ipoe, iingie ndani ya saa 2, ikae mu supu yake ili isikauke. Kesho itolewe, ifutwe ikauke nje, ndipo ikaangwe. Umeme ukikatika usiku kucha, kama tunavyojua hapa, usijaribu bahati. Bora uchemshe na kukaanga siku moja.

Nusu ya pili ilipotoka, chini ya kikaango kulibaki tabaka la kahawa lililoshika. Nilidhani ataliosha. Alichukua ile supu aliyoweka pembeni, akamwaga vikombe viwili mle mle, akakwaruza kwa mwiko mpaka chini pakawa safi, akaacha ichemke ipungue nusu. Ndiyo sosi aliyomwagia wateja juu ya bugali, nyama ikikaa pembeni ya sahani, kavu.