Barabara ya mawe jicho linapoinama

Simama kwenye barabara iliyotandikwa mawe, utazame jiwe lililo mita 10 mbele yako. Macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6 juu ya ardhi, kwa hiyo mstari wa macho unaligusa jiwe hilo kwa nyuzi 9 tu. Ukichuchumaa, pembe inapungua zaidi. Kwa mtengenezaji wa michezo ya kompyuta hapo ndipo pagumu, kwani mawe yaliyopendeza kutoka juu huanza kuonekana bapa au kukatika vipande.

Chukua jiwe lenye urefu wa sentimita 10, lililoinuka sentimita 3 juu ya mwanya unaolitenga na jirani yake. Kwenye skrini ya mistari 1080 na kamera ya kawaida, urefu wake wote katika umbali huo unapata pikseli 1 na nusu. Kimo chake kinapata karibu 3. Jicho linapoinama, basi, kinachoonekana zaidi ni kimo, na kimo ndicho kitu ambacho picha iliyobandikwa kwenye ubao bapa haina.

Njia ya kwanza ya kukipata ni paralaksi yenye kuziba. Barabara inabaki ubao bapa, ila ina picha ya pili ya kijivu: peupe ni mgongo wa jiwe, peusi ni chini ya mwanya. Kwa kila pikseli, kadi ya picha inafuata mwale wa macho ukizama ndani ya ubao, hatua kwa hatua, hadi mwale uingie chini ya mgongo wa jiwe. Rangi inachukuliwa hapo, na jiwe la mbele linaliziba la nyuma kama ilivyo kweli. Mwaka 2005 kampuni ya ATI ilitumia njia hii katika onyesho lake la ToyShop, lenye mtaa wa mawe unaonyeshewa mvua.

Sasa tupige hesabu. Kwa nyuzi 9, mwale unasafiri sentimita 19 kabla ya kuzama sentimita 3. Umepita karibu mawe mawili. Ukiupa hatua 8, kila hatua ni zaidi ya sentimita 2, na unaweza kuruka bega la jiwe bila kuligusa. Matokeo yake ni mawe yenye matabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani. Hatua 32 zinashusha kila hatua hadi milimita 6, na matabaka yanapotea. Lakini mita 30 mbele, mwale uleule unasafiri sentimita 56, na hatua 32 zinarudi kuwa karibu sentimita 2. Ndiyo maana idadi ya hatua huongezwa kadiri pembe inavyopungua, na mbali kabisa, mawe yanapokuwa madogo kuliko pikseli, njia yote huzimwa polepole.

Kuna kasoro ambayo hatua hata 1,000 haziondoi: ubao ni ubao. Barabara ikipanda daraja lenye mgongo, ukingo wake dhidi ya anga ni laini kama umekatwa kwa kisu, huku mawe yaliyo chini yake yakiwa na vibonge. Gurudumu nalo hukutana na barabara kwa mstari ulionyooka.

Njia ya pili inavunja ubao wenyewe. Kadi inagawa kila kipande kuwa pembetatu ndogo, kisha inazisogeza juu kwa kufuata picha ileile ya kijivu. Direct3D 11 ya mwaka 2009 iliifanya iwe kazi ya kawaida ya kadi, na onyesho la Heaven la Unigine likaitangaza mwaka huohuo. Hapa ukingo ni wa kweli na kivuli ni cha kweli.

Gharama yake iko kwenye udogo. Upande mmoja wa kipande unagawika mara 64 tu, kwa hiyo kipande cha mita 1 kinatoa pembetatu za sentimita 1.6. Mwanya wa sentimita 1 unaangukia katikati ya nukta: mmoja unatokea, wa jirani unapotea, na kamera ikisogea mianya huonekana kuogelea. Wakati huohuo, mita 10 mbele, pembetatu hiyo ina upana wa pikseli 1 na nusu na kimo cha robo ya pikseli. Kadi huchora pikseli nne nne, hivyo uzi huo mwembamba unalipiwa bei ya pikseli nne.

Mtego unaowanasa wengi ni kupanga idadi ya migawanyo kwa urefu wa upande unavyoonekana kwenye skrini. Jicho likiinama, upande unaoelekea mbali huonekana mfupi, unapewa migawanyo michache, na mawe yanalala bapa palepale ukingo unapoyahitaji. Dawa ni kupima tufe linaloufunika upande huo, kwa kuwa tufe halifupiki kwa kugeuka. Vipande viwili vinavyopakana lazima pia vikubaliane idadi kwenye upande wao wa pamoja, la sivyo matundu yatafunguka kati yao.

Kwa mtaa tambarare kati ya nyumba mimi huchagua paralaksi bila kusita. Ukingo wa barabara unafichwa na kando ya njia, na hakuna anayeuona. Kwa daraja lenye mgongo nagawa pembetatu kwa ajili ya uviringo wa mawe tu, na mianya naiachia picha ya mwangaza. Kabla ya kuamua naishusha kamera hadi sentimita 30 kutoka ardhini, naipeleka mbele taratibu, na siangalii mawe ya karibu. Naangalia mstari ule ambapo barabara inaishia na anga inaanza.