Avo Yako Ni Kahawia Ndani? Cheki Imeanzia Wapi Kabla Umchome Mama Mboga

Hiyo foto unaijua. Avo imekatwa mara mbili, iko juu ya sinia, ndani imekuwa kahawia, na chini yake msee wa ploti ameandika kwa grupu ya WhatsApp: "Mama mboga wa hapo steji ameniuzia takataka." Emoji za hasira zinashuka kama mvua. Kufika jioni nusu ya Maringo imeshaapa haitanunua kwake tena, na yeye hata hayuko kwa hiyo grupu ajitetee.

Shida ni kwamba kahawia sio kitu moja. Kuna kahawia ya hewa, kuna ya kugongwa, kuna ya baridi, kuna ya kuvu na kuna ya uzee. Zote kwa foto zinakaa kama jamaa wa familia moja, lakini kila moja huanzia mahali pake. Ukijua imeanzia wapi, mara nyingi utajua pia ni nani ameiharibu. Na saa zingine ni wewe.

Tuanze na kuiva, juu hapo ndio wengi hupotelea. Avo haiivi ikiwa juu ya mti. Huko hukomaa tu, halafu ikishachumwa ndio inaanza kulainika. Ile ngumu umebeba kutoka kibandani huchukua kama siku tano hadi kumi ukiiacha tu juu ya meza, na Julai, baridi ikishika Nairobi, inaweza kuvuka hapo. Ukiwa na haraka, iweke ndani ya pakiti tupu ya unga pamoja na ndizi mbivu, ukunje mdomo. Ndizi hutoa gesi ya ethilini, na hiyo gesi ndiyo huiambia avo ianze kazi.

Kujua imefika, usiamini rangi pekee. Hass, ile ya ngozi ngumu yenye vipele, hugeuka kutoka kijani hadi zambarau nyeusi ikiiva, kwa hivyo kwake rangi inasaidia. Lakini Fuerte, ile ya ngozi laini yenye shingo ndefu, hubaki kijani hadi siku ya kuoza. Kwa vibanda vya Jogoo Road unazipata zimechanganywa kwa beseni moja, na ndio maana utasikia msee akisema "hii bado ni kijani, haijaiva" akishika Fuerte ambayo ilipita jana.

Pima kwa mkono. Iweke kwa kiganja, funga mkono polepole, usikie karibu na shingo. Shika paji la uso wako kwanza: ikiwa ngumu hivyo, bado. Shika ncha ya pua: inabonyea kidogo halafu inarudi, hiyo ni ya leo. Shika shavu: ikiwa laini hivyo, au ukiachilia shimo linabaki, imepita. Na tafadhali tumia kiganja, sio kidole gumba. Nitakuambia sababu sasa hivi.

Turudi kwa foto. Kitu ya kwanza ya kuuliza ni kama hiyo kahawia iko juu juu ama imeingia ndani. Ukikata avo unapasua seli zake, hewa inaingia, na kemikali za ndani zinaungana na oksijeni zinageuka kahawia, kama vile tufaha huwa. Hiyo ni ngozi nyembamba tu juu ya nyama. Chukua kijiko, kwangua milimita mbili au tatu. Ukipata kijani na manjano safi chini yake, avo yako haina shida yoyote, ni wewe ulikata saa kumi ukapiga foto saa mbili usiku. Kuipaka ndimu na kuifunga na plastiki ikibana kabisa hupunguza hiyo mambo. Kuacha kokwa ndani hulinda tu pale kokwa imekalia.

Kama kahawia imeingia ndani, sasa ndio unauliza inaanzia wapi.

Ikiwa ni doa moja la giza upande mmoja, liko tu chini ya ngozi, na sehemu zingine zote ziko poa, hiyo ni kugongwa. Inaweza kuwa ilibanwa na gunia kutoka shambani, ama ilirushwa kwa mkokoteni pale Marikiti. Lakini mara nyingi ni vidole. Avo ngumu huvumilia, ile imeiva haivumilii. Makastama kumi wakiifinya na kidole gumba asubuhi, kesho yake wewe wa kumi na moja unakula alama zao. Kata hilo doa, dishi hiyo ingine.

Ikianzia juu kwa kikonyo na inateremka kama imemwagiwa, hiyo ni kuvu ya kikonyo. Mara nyingi nayo utaona nyuzi za kahawia zikishuka kutoka shingoni kuelekea chini. Ndugu yake ni ile ya madoa meusi ya mviringo kwa ngozi, ambayo ukikata unaona kila doa limezama ndani kama nusu mwezi. Hii kuvu mara mingi iliingia matunda yakiwa bado shambani, ikalala kimya wakati avo ilikuwa ngumu, ikaamka tu ilipoanza kulainika. Kwa hivyo mama mboga alinunua ikiwa safi na akakuuzia ikiwa safi, na hakuna macho yangeiona. Ikiwa imegusa kidogo na hakuna harufu, kata mbali na hapo. Ikiwa na ukungu mweupe ama inanuka kama mafuta ya chipo ya juzi, tupa.

Hapo kwa kikonyo kuna ujanja wenye watu hupenda: kukitoa uchungulie, kijani ni sawa, kahawia imepita. Husaidia kiasi, lakini inakuonyesha tu juu, haikuonyeshi karibu na kokwa. Na ukikitoa usinunue, umeachia kuvu mlango wazi kwa mali ya mwenyewe. Fanya hivyo kwa avo ambayo ushalipa.

Sasa ile yenye huleta vita kabisa. Chukulia foto kama hii: avo imekatwa kwa urefu, ngozi ya nje haina doa, shingo iko kijani safi. Lakini kuzunguka kokwa, hasa ule upande mnene wa chini, nyama imekuwa kijivu-kahawia, na hiyo rangi inafifia ukielekea kwa ngozi. Kuna nyuzi nyuzi pia. Mwenye foto anasema alinunua nne kwa finje-finje, zikiwa ngumu, na zote nne ziko hivyo.

Soma hiyo foto polepole. Haijaanzia kwa kikonyo, kwa hivyo sio kuvu ya huko. Haiko upande mmoja chini ya ngozi, kwa hivyo haikugongwa. Zote nne zimeharibika kwa njia moja, na kugongwa hakufanyangi hivyo, hugonga moja ikaacha ingine. Imeanzia katikati ikienda nje. Hiyo ni sura ya baridi, ama ya avo iliyokaa sana mahali kabla ya kuliwa. Kwa hivyo swali la kuuliza sio "ulinunua kwa nani," ni "uliziweka wapi?" Na jibu likiwa "nilizitupa kwa friji zikiwa ngumu, nikazisahau wiki mbili, nikazitoa ziive," kesi imeisha. Friji ya keja hukaa kwa nyuzi joto nne hivi. Avo ambayo haijaiva ikikaa huko muda mrefu, ule mfumo wa kuiva unavurugika. Ukiitoa italainika vibaya, hapa mpira, pale uji, na ndani inageuka kijivu. Ile imeanza tu kuiva ndiyo huumia zaidi. Soo mbili zimeenda, na mama wa steji hakuhusika.

Avo iliyoiva ni tofauti. Hiyo iweke kwa friji, itakusukumia siku mbili tatu bila noma. Kanuni ni moja tu: ngumu kwa meza, imeiva kwa friji.

Ingekuwa msee hana friji, hiyo foto ya kijivu ingeweza kumaanisha zilikaa kwa stoo baridi ya mtu mwingine kabla zifike mtaani, ama zilikaa tu siku nyingi. Hapo una haki ya kurudi ukauliza, kwa heshima. Uzee peke yake unautambua kirahisi: nyama yote imelegea na kuingia giza, ngozi inaachana na nyama, nyuzi ziko kila mahali, ladha imekuwa chungu.

Kuna kosa moja ambalo ni la muuzaji kweli, ama la mwenye alimuuzia, na halina hata rangi ya kahawia. Ni avo iliyochumwa changa. Inakaa siku kumi na mbili, inanyauka ngozi, inakuwa mpira, hailainiki. Kwa foto iliyokatwa angalia kokwa. Avo iliyokomaa ina kokwa yenye ganda jembamba la kahawia kama karatasi kavu. Changa ina ganda nene, jeupe au krimu, lenye maji maji limeshika nyama. Ukiona hiyo, usingoje iive. Hizi huingia sana kuelekea mwisho wa mwaka, wakati matunda ya msimu mkubwa yameisha. Ndio maana serikali, kupitia AFA, imekuwa ikisimamisha uvunaji wa Hass na Fuerte za kusafirishwa nje kwa meli kuanzia kama Oktoba au Novemba hadi mwaka mpya. Lakini mtaani hakuna mtu wa kukukagulia, kwa hivyo Desemba kata moja hapo hapo kibandani kabla ubebe sita.

Na kama lazima upost, post foto inayosomeka. Kata kwa urefu kupitia kikonyo, piga hapo hapo, nusu zote mbili kando kando na kokwa ikiwa kwa moja, halafu piga ya pili ukionyesha ngozi ya nje. Fanya hivyo mchana karibu na dirisha, juu balbu ya manjano hugeuza kijani kizuri kikae kahawia. Na uandike ilikaa siku ngapi, na ilikaa wapi.