Gama: Hasara Inayojificha Nyuma ya Delta

Kule Chicago, kwenye soko la opsheni lililofunguliwa mwaka 1973, mkataba mmoja kwa kawaida hubeba hisa 100. Tuseme muuzaji ameuza mikataba 10 asubuhi ya leo. Wanunuzi wamepata haki ya kununua hisa 1,000 kwa dola 100 kila moja ndani ya siku 30, na sasa hivi hisa hiyo iko kwenye dola 100 hizo hizo. Amelipwa dola 2.29 kwa kila hisa. Hisa ikipanda, yeye ndiye atakayeumia.

Kwa hiyo anajiuliza: hisa ikipanda dola 1, opsheni itapanda kiasi gani? Jibu lake ndilo delta. Kwa hisa ambayo kuyumba kwake ni asilimia 20 kwa mwaka, delta hapa ni karibu 0.51, yaani senti 51. Basi ananunua hisa 510 na kuzishika. Bei ikisogea kidogo, anachopoteza kwenye opsheni anakipata kwenye hisa.

Shida ni kwamba delta haitulii. Kasi ya kubadilika kwake inaitwa gama, na hapa ni kama 0.07 kwa kila dola. Mchana hisa inaruka hadi 103. Opsheni imefika dola 4.12, kwa hiyo amepoteza dola 1,830, ilhali hisa zake zimemletea 1,530 tu. Hizo 300 zilizopungua zimeliwa na gama.

Sasa delta ni 0.71, naye analazimika kununua hisa 200 zaidi kwa 103. Jioni bei ikirudi 100, delta inashuka na anaziuza hizo 200: dola 600 zimekwenda. Aliyeuza opsheni hununua bei ikiwa juu na kuuza ikiwa chini, kila mara. Malipo yake ni muda: opsheni huchakaa, na kila siku inayopita humwachia dola kama 38. Hisa ikitembea chini ya dola 1 hivi kwa siku, anapata. Ikizidi hapo, anapoteza.

Hisa zenyewe haziwezi kumponya, maana hisa haina gama. Dawa ni kununua opsheni nyingine. Mikataba 14 ya bei ya 105, ya muda uleule, inagharimu karibu dola 900 na kuifuta gama yake karibu yote; kisha anabakiza hisa 220 tu badala ya 510. Lakini zile dola 38 za kila siku nazo zinatoweka, kwa hiyo anaweza kukinga sehemu tu na kuvumilia iliyobaki.

Kuvumilia huko ni kugumu zaidi mwishoni. Ikibaki siku moja na hisa ikiwa bado kwenye 100, gama ya opsheni alizouza huwa imepanda hadi karibu 0.38. Hapo dola 1 tu, juu au chini, inamlazimisha kununua au kuuza hisa zaidi ya 300.