Kutoka Daftari la Kikao hadi Makubaliano ya Kazi

Washauri wakitoka kikaoni na mteja, daftari lao huwa na mambo matatu yaliyochanganyika: yaliyoamuliwa, yaliyopendekezwa tu, na maswali yasiyojibiwa. Yasipotenganishwa mapema, mwishoni mteja hudai kazi ambayo mshauri hakuiwekea bei.

Tuchukue mfano wa SACCOS ya Morogoro iliyoajiri washauri kuhoji wanachama 50 katika kila tawi, matawi 6, na kukabidhi ripoti ndani ya wiki 8. Katika kikao cha pili, mshauri anaandika: “Matawi 2 ya Kilosa yaongezwe. Muhtasari kwa mkutano mkuu. Majibu ya kila mwanachama?”

Kabla ya kuandika kumbukumbu rasmi, aweke mkataba na hadidu za rejea kando ya daftari, kisha apime kila mstari. Matawi ya Kilosa yalikubaliwa na wote, lakini hayamo katika mkataba, kwa hiyo ni mabadiliko. Kuhusu muhtasari, meneja alisema tu kwamba ungewafaa wanachama. Hilo ni pendekezo. Majibu ya mtu mmoja mmoja yaliulizwa na mhasibu na hakuna aliyejibu. Yanagusa taarifa binafsi, basi yaandikwe kama swali, pamoja na jina la atakayelijibu na tarehe.

Badiliko huandikwa pamoja na hesabu yake. Matawi mawili yanaongeza mahojiano 100, kutoka 300 hadi 400. Timu ikihoji watu 25 kwa siku, hizo ni siku 4 za ziada, mbali na safari na uchambuzi. Kumbukumbu itaje gharama hiyo na tarehe mpya ya ripoti, ili mteja ajue anachokikubali.

Kazi ya kukabidhiwa nayo iandikwe kwa namna inayopimika. “Ripoti ya kina” inaweza kubishaniwa mwaka mzima. Lakini “ripoti ya Kiswahili, isiyozidi kurasa 40, yenye jedwali la kila tawi, itakayotolewa maoni na bodi ndani ya siku 10” inaweza kukaguliwa na mtu yeyote.

Kumbukumbu zitumwe kesho yake, mteja akiombwa kusahihisha kabla ya siku iliyotajwa. Hata hivyo, zenyewe hazibadilishi mkataba uliosema kwamba marekebisho ni kwa saini za pande zote mbili, na mteja akinyamaza hajasaini. Tena, meneja aliyekubali kikaoni huenda hana mamlaka ya kusaini. Pengine ni ya bodi. Kwa hiyo Kilosa iandikwe “Badiliko Na. 1, linasubiri saini”, na wahoji wasipande gari.

Likisainiwa, namba hiyohiyo iandikwe kwenye ankara. Mhasibu akiuliza fedha za nyongeza zimetoka wapi, ataoneshwa ukurasa wenye kazi, bei, tarehe na saini.