Akaunti Ileile, Filamu Tofauti

Msafiri kutoka Mombasa anatua Maskati, anafika hotelini, anaunganisha simu na waifai kisha anafungua Netflix. Nywila ni ileile na ada ya mwezi imeshakatwa nyumbani. Lakini tamthilia aliyoiacha katikati haionekani, na baadhi ya filamu alizopakua kabla ya safari zinakataa kucheza. Wengi hapo hushuku kwamba akaunti imedukuliwa. Haijadukuliwa, wala simu haina hitilafu.

Chanzo ni mikataba. Haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi, hivyo kampuni inaweza kuwa na haki za Kenya huku za Omani zikishikiliwa na kituo kingine kabisa. Hata kazi zenye nembo ya Netflix yenyewe zimewahi kukumbwa na hali hiyo. Ilipoingia Ujerumani mwaka 2014, haki za tamthilia yake maarufu House of Cards nchini humo zilikuwa tayari zimeuzwa kwa Sky.

Ili kuheshimu mikataba hiyo, kampuni inahitaji kujua mteja yuko wapi wakati anatazama. Haiulizi pasipoti wala kadi ya benki; inatazama anwani ya IP, yaani namba ambayo kifaa huonekana nayo kinapoingia mtandaoni. Namba hizi hugawiwa kwa mafungu: AFRINIC hushughulikia Afrika, na RIPE NCC ya Amsterdam hushughulikia Ulaya na Mashariki ya Kati, Omani ikiwemo. Kampuni kama MaxMind hutunza kanzidata zinazoonyesha fungu gani linatumika nchi gani. Waifai ya hoteli ya Maskati ina namba ya Omani, basi mgeni wa Mombasa hupewa orodha ya Omani.

Akizima waifai na kutumia intaneti ya laini yake ya Kenya kwa romingi, mambo hubadilika. Kwa kawaida data ya romingi haitokei kwenye mtandao wa nchi aliyofikia mgeni. Mnara wa Omani huipokea na kuirudisha hadi kwenye mitambo ya kampuni ya simu ya Kenya, na huko ndiko inakoingilia intaneti. Kwa Netflix, simu hiyo iko Kenya, ingawa mwenyewe amelala Maskati, na tamthilia yake hurudi. Tatizo ni gharama: katika mpangilio wa kawaida wa simu, GB 1 huisha kwa takriban saa nne za kutazama, na bei ya romingi inaweza kuwa kubwa. Laini za eSIM za wasafiri nazo hushangaza, kwa kuwa data yake inaweza kutokea nchi ya tatu, na orodha ikawa si ya Kenya wala ya Omani.

Kulithibitisha hili ni rahisi. Fungua ipinfo.io ukiwa kwenye waifai, usome nchi inayotajwa, kisha urudie kwa data ya simu. Nchi zikitofautiana, jibu limepatikana. Na kama uko nyumbani lakini unaonyeshwa nchi ya kigeni, huenda fungu la namba limehamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine na kanzidata haijasahihishwa. Hapo wa kupigiwa simu ni mtoa huduma wako wa intaneti.

Wapo wanaojaribu njia ya VPN. Netflix ilifungua huduma katika nchi 130 kwa mpigo tarehe 6 Januari 2016, na wiki moja baadaye ikatangaza kwamba itawazuia wanaojificha kwa njia hiyo. Akaunti nyingi zinapotokea kwenye anwani chache za kituo cha seva, si vigumu kuzitambua. Mara nyingi mteja hafungiwi kabisa, bali huonyeshwa tu zile kazi ambazo kampuni ina haki zake duniani kote. Kwa hiyo ukiona orodha imekonda ghafla, angalia kwanza kama VPN ya kazini haikusahaulika ikiwa imewashwa.

Anayehama moja kwa moja ana kazi nyingine, kwa sababu nchi ya akaunti, ile inayoamua ada na sarafu, haifuati anwani ya IP. Netflix humtaka asitishe huduma, asubiri muda aliolipia uishe, kisha aianzishe upya akiwa nchi mpya. Spotify ni tofauti: mtumiaji wa bure huruhusiwa siku 14 ugenini, kisha hutakiwa kubadilisha nchi kwenye akaunti yake, ilhali anayelipia husafiri bila kikomo hicho.

Mahali ambapo sheria imemlinda msafiri ni Umoja wa Ulaya. Tangu 1 Aprili 2018, Mswahili anayeishi Hamburg na kulipia huduma yake huko akienda Hispania kwa likizo, lazima apewe orodha ya Ujerumani. Akivuka kwenda London hapati haki hiyo, kwani Uingereza ilitoka kwenye mpango huo mwanzoni mwa 2021.