Bei Imetulia, Delta Inahama

Aliyewauzia wateja opsheni za kujikinga na anguko la soko la hisa la Marekani ana kazi hata siku ambayo bei haikusogea.

Tuseme fahirisi ya S&P 500 iko 5,000. Mteja amenunua haki ya kuiuza kwa 4,750, zimebaki siku 30, na soko linatarajia mtikisiko wa asilimia 20 kwa mwaka. Delta ya opsheni hiyo ni kama -0.18, yaani fahirisi ikishuka pointi 1, opsheni hupanda pointi 0.18. Kila opsheni huzidishwa kwa dola 100, kwa hiyo aliyeuza opsheni 1,000 anaumia soko likishuka kama mtu anayeshikilia fahirisi 18,000. Ili asiumie, anauza mikataba 360 ya mauzo ya baadaye, ambayo kila mmoja huzidishwa kwa dola 50.

Sasa hofu iingie sokoni na mtikisiko unaotarajiwa upande hadi asilimia 30, fahirisi ikiwa palepale. Delta inakuwa -0.26. Kinga inayotakiwa ni mikataba 520, hivyo lazima auze mingine 160. Kipimo cha delta kuhama kwa sababu ya mtikisiko ndicho vana. Si jambo la kwenye makaratasi tu: tarehe 5 Februari 2018, kipimo cha VIX kilitoka 17.31 hadi 37.32 kwa siku moja, na siku hiyo bei zilianguka pia.

Hofu isipokuja, siku 20 zikapita kimya, delta inapungua hadi -0.06. Mikataba 120 inatosha, naye anainunua tena 240. Hiyo ni kazi ya chamu, kipimo cha delta kuhama kadiri muda unavyopita.

Vyote viwili vina chanzo kimoja, na hapa ndipo penye uzito. Kutoka 5,000 hadi 4,750 ni pointi 250. Mtikisiko ukiongezeka, soko linaweza kuzifikia kwa urahisi zaidi. Siku zikipungua, linakosa nafasi ya kufika. Ndiyo maana hofu inapotulia, vana na chamu humsukuma muuzaji huyu upande uleule: kununua tena.

Mwelekeo huo haudumu kila mahali. Kama fahirisi ingekuwa imeshuka vya kutosha chini ya 4,750, muda ungeisogeza delta kuelekea -1, naye angelazimika kuuza zaidi. Na saa za mwisho, fahirisi ikielea karibu kabisa na 4,750, pointi chache tu huirusha delta kutoka karibu sifuri hadi karibu -1. Chamu iliyokokotolewa asubuhi haimfai tena mchana. Anapaswa kuikokotoa delta upya kila bei inaposogea.