Una uhakika kiasi gani? Wazo, hisi, dhana na nadharia katika pendekezo la utafiti

"Maji ya moto huganda upesi kuliko maji ya baridi." Kwenye mazungumzo ya kawaida, sentensi hiyo haina neno. Ikiingia kwenye pendekezo la utafiti, imeshamfunga aliyeiandika. Kiambishi "hu-" kinadai kwamba jambo hili hutokea siku zote, kwa kila chombo na kila friji. Angeandika "yaliganda", angekuwa anasimulia lililotokea siku fulani. Angeandika "huenda yakaganda", angekuwa anakisia. Na angeandika "yataganda iwapo", angekuwa anatabiri na kukubali kupimwa kwa utabiri wake.

Jopo linaloketi kusikiliza mwanafunzi akitetea pendekezo lake hutafuta hasa hilo: wapi anajua, wapi anabahatisha, na kama yeye mwenyewe anaona tofauti. Majina anayoyapa mambo yake, yaani wazo, fikra, hisi, dhana au nadharia, yanatoa jibu kabla hajaulizwa. Kuona jinsi kila moja linavyosikika, hakuna mfano ulio karibu nasi kuliko huohuo wa maji ya moto, maana ulianzia Lushoto.

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, kisha wanayaingiza kwenye friji ya shule. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja alipoamua kuingiza maziwa yake bila kuyachemsha, Mpemba naye akaingiza yake yakiwa bado ya moto ili asikose nafasi. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa tu.

Hapo Mpemba alikuwa na wazo. Wazo ndilo jina jepesi kuliko yote. Halidai kitu, linafungua swali tu: je, joto la mwanzo linaweza kuharakisha kuganda? Kwenye pendekezo, mahali pake ni usuli wa utafiti, pale mwandishi anapoeleza swali lilimjia kutoka wapi. Jopo halimdai ushahidi wa wazo, na yeye hapaswi kulitumia kama ushahidi. Aiskrimu iliyoganda mara moja inatosha kumfanya mtu aulize, lakini haitoshi kumfanya ajibu.

Mwalimu na wanafunzi wengine walikuwa na kitu kingine, nacho ni fikra. Fikra ni picha ambayo watu wengi wanayo kichwani bila kuihoji. Yao ilikuwa na mantiki: maji yenye nyuzi 100 lazima kwanza yashuke hadi nyuzi 35 kabla ya kufika pale ambapo mwenzake wa nyuzi 35 alianzia, basi yatampitaje? Kati ya majina yote, fikra ndiyo inayosikika kuwa na uhakika mkubwa kupita kiasi cha ushahidi wake, kwa sababu haijitangazi. Kwenye pendekezo hujificha nyuma ya "ni dhahiri kwamba", "inajulikana kuwa" na "kama tujuavyo". Msomaji makini akikutana na maneno hayo huweka alama pembeni: nani anajua, na alijuaje?

Nguvu ya fikra ilionekana baadaye. Mpemba alikuwa amehamia Shule ya Mkwawa, Iringa, alipopata nafasi ya kumuuliza swali lake Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Osborne hakuamini, ila aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Matokeo alikuwa nayo mkononi, lakini fikra ilikuwa imeshamwambia jibu sahihi ni lipi.

Hatua inayofuata ni hisi, ile ambayo mtaani tunasema machale yamemcheza mtu. Hisi ina mwelekeo kuliko wazo, kwa sababu inanyooshea kidole sababu fulani. Tuseme mwanafunzi wa leo anaandika pendekezo kuhusu jambo hili. Ameona kwamba sakafu ya sehemu ya kugandishia imejaa utando wa barafu, ule ambao wenye friji za zamani huukwangua. Utando huo huzuia joto kupita. Machale yanamwambia kwamba chombo cha moto huuyeyusha na kukaa juu ya chuma chenye baridi kali, ilhali chombo cha baridi hubaki juu ya utando. Kwa hiyo cha moto hupoteza joto lake upesi zaidi.

Hisi hii ni nzuri na haina haja ya kufichwa. Kosa ni kuivika nguo za wakubwa. Akiandika "nadharia yangu ni kwamba utando wa barafu husababisha kuganda upesi", jopo litamuuliza nadharia hiyo imepimwa wapi, na hatakuwa na jibu. Akiandika "inakisiwa kwamba huenda utando wa barafu unachangia", kisha akataja alichokiona kwenye majaribio ya awali, hakuna atakayemlaumu. Tena "unachangia" ni dai dogo kuliko "unasababisha", kwa kuwa linaacha nafasi kwa sababu nyingine.

Dhana ni suala tofauti, na hapa waandishi wa Kiswahili hukwama, kwa sababu neno hili lina kazi mbili. Mitaani, dhana ni jambo unalolidhani tu, na ndiyo maana tunasema "dhana potofu". Kwenye utafiti, dhana ni kitu ulichokichora mipaka ili mwingine akipime kama wewe. Dhana ya aina hii haiwi kweli wala uongo, ila huwa wazi au huwa na ukungu. Mwandishi akisema "dhana ya utafiti huu ni kwamba maji ya moto huganda kwanza", amechanganya kazi hizo mbili. Lile ni dai. Dhana yenyewe ni "kuganda".

Kuganda ni nini hasa? Inaweza kuwa pale kipimajoto kinapofika nyuzi sifuri, au pale chembe ya kwanza ya barafu inapoonekana, au pale chombo kizima kinapokuwa kigumu. Hizi ni nyakati tatu tofauti. Maji yanaweza hata kushuka chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha yakaganda kwa ghafla, na vyombo viwili vinavyofanana havifanyi hivyo kwa kiwango kilekile. Mtafiti akipima wakati wa kufika sifuri na mwenzake akipima kuanza kwa barafu, wanaweza kupata majibu yanayopingana bila yeyote kukosea. Ukungu ukiwa hapa, maneno ya tahadhari ya "huenda" na "yamkini" hayasaidii kitu, kwa sababu msomaji hajui ni jambo gani linalokisiwa.

Dhana ikishakaa sawa, hisi inaweza kugeuzwa kuwa nadharia tete. Hii ni kauli inayotabiri tokeo mahususi na kueleza, hata kimyakimya, tokeo lipi litaiangusha. Kwa mwanafunzi wetu ingekuwa hivi: "Iwapo vyombo vyote vitawekwa juu ya kipande cha povu gumu, visiguse utando wa barafu, maji yaliyoanza na nyuzi 90 hayatatangulia kuanza kuganda kuliko yaliyoanza na nyuzi 25." Kauli hii inasikika kwa ujasiri kuliko hisi, lakini ujasiri wake uko kwenye utabiri, hauko kwenye ukweli wake. Anayeiandika anasema: nipimeni hapa.

Na kupimwa kwenyewe huanza kabla ya maabara, kwenye mapitio ya maandishi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao katika jarida la Physics Education. Osborne alitumia mililita 70 za maji katika bika za mililita 100, nazo aliziweka juu ya povu. Maji yaliyochukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanza na nyuzi 25 hivi, na yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yalichukua muda mfupi zaidi. Maana yake utando wa barafu ulikuwa umezuiwa na tofauti bado ikaonekana. Mwanafunzi wetu akisoma hayo, nadharia tete yake imeingia doa kabla hajawasha friji. Anayo njia ya uaminifu: aseme kwamba utando ni sababu mojawapo tu, na apime unaongeza tofauti kwa kiasi gani. Pendekezo lisiloitaja kazi hiyo linasikika kuwa na uhakika kwa sababu tu mwandishi hakusoma.

Nadharia ndiyo jina zito kuliko yote. Mitaani tunalishusha tunaposema "hiyo ni nadharia tu", tukimaanisha maneno yasiyo na vitendo. Kwenye sayansi ni kinyume: ni maelezo yaliyopimwa mara nyingi, na watu wengi, kuhusu mambo mengi, na bado yamesimama. Nadharia za jinsi joto linavyosafiri zina hadhi hiyo. Kisa cha Mpemba hakijaipata. Zimetajwa sababu nyingi: mvuke, mzunguko wa maji ndani ya chombo, hewa iliyoyeyuka, huko kushuka chini ya sifuri. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilishindanisha maelezo na ikapokea zaidi ya 22,000, lakini mshindi hakufunga mjadala. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri, wasipate ushahidi wa kuridhisha kwamba ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba tofauti ya sentimita moja hivi katika kina cha kipimajoto inaweza kumfanya mtafiti aione tofauti ambayo haipo.

Kwa hiyo sehemu ya pendekezo inayoitwa kiunzi cha nadharia si mahali pa maelezo ya mwandishi mwenyewe. Pale anataja nadharia iliyokwisha kusimama, ambayo ataitumia kusomea matokeo yake. Mwanafunzi wetu ataandika kwamba anaegemea nadharia ya usafiri wa joto, kwamba Mpemba na Osborne waliona tofauti katika mazingira fulani, kwamba Burridge na Linden hawakuiona walipotumia kipimo kingine, na kwamba inakisiwa utando wa barafu huenda unachangia. Kila kitenzi hapo kimebeba uzito wake: anaegemea, waliona, hawakuiona, inakisiwa. Jopo likimuuliza ni tokeo gani litakalomfanya aliache kisio lake, jibu liko tayari kwenye nadharia tete yake, likiwa na nyuzi zake na kipande chake cha povu.